Soko na Gulio: Uhakiki wa Ushahidi wa Maneno ya Mkopo katika Insha ya Historia

Imetufikia mezani insha ya historia iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya hapa mjini Dar es Salaam, akiomba irekebishwe istilahi zake kabla hajaitumia kuwafundishia wanafunzi namna ya kuandika insha ya aina hiyo. Mada yake ni mawasiliano ya kale ya biashara katika pwani yetu, na ushahidi wake ni maneno. Mwalimu huyo aliwatuma wanafunzi wake Kariakoo na mitaa iliyo jirani, wakasikiliza watu wanaouza na kununua, wakaandika kila neno lihusulo biashara. Kisha kila neno lilitafutwa katika kamusi, likaandikiwa lugha lilikotoka, na mwishoni maneno ya kila lugha yakahesabiwa.

Kazi hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba mwandishi ametambua kuwa lugha ni kumbukumbu. Hata hivyo, tulipoisoma mara ya pili tuliona kuwa dosari zake si za istilahi tu. Hitimisho lake ni kwamba Waajemi ndio waliokuja kwanza, wakafuatwa na Waarabu, kisha Wareno, kisha Wahindi, na mwisho Wazungu wa Kaskazini. Kwamba ukubwa wa biashara ya kila taifa unalingana na hesabu ya maneno yake. Na kwamba kabla yao wenyeji wa pwani hawakuwa na biashara ya kutajwa. Mwanafunzi atakayefundishwa kwa insha hii atatoka darasani akiamini kwamba babu zake waliletewa hata wazo la kununua na kuuza. Jambo zito namna hii halifai kujengwa juu ya msingi ambao haukupimwa. Kwa hiyo makala haya yanakusudia kuupima, kwa kutumia zaidi maneno yale yale ambayo wanafunzi waliyaokota sokoni.

Tuanze na jina la mahali penyewe, kwa kuwa hilo ni mkopo ambao historia yake inajulikana. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi lao kikawekwa kambi mahali ambapo leo ni Kariakoo. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lina maneno mawili, la kwanza likimaanisha mpagazi na la pili likimaanisha kikosi. La kwanza likawa karia, na la pili likawa koo. Nairobi nako kulikuwa na kambi ya wapagazi wa kikosi hicho, nako likabaki jina la Kariokor.

Neno lile la pili lina mafunzo. Katika maandishi ya Kiingereza lina herufi tano, lakini tatu za mwisho hazitamkwi. Waswahili nao hawakuzitia. Laiti jina hili lingetoka katika karatasi, tungetarajia mabaki ya herufi hizo. Kwa kuwa hayapo, tunajua kwamba lilipokewa kwa sikio, kutoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiitwa na kuamrishwa kambini. Na sababu ya herufi mbili za mwisho kuandikwa bila ya kutamkwa ni kwamba Waingereza wenyewe walilikopa neno hilo kwa Wafaransa.

Sasa tuchukulie kwamba vitabu vyote vya vita ile vimepotea, na kwamba miaka 500 ijayo mwanahistoria anayo kamusi tu. Atatafuta asili ya koo, ataikuta ni Kifaransa, naye ataandika kwamba Wafaransa walikuwa na makazi katikati ya Dar es Salaam. Hatua zake zote zitakuwa sahihi isipokuwa moja: amechanganya asili ya neno na njia ya neno. Asili ni lugha ambamo neno lilizaliwa. Njia ni lugha ya watu waliolikabidhi kwetu. Mwanahistoria wa mawasiliano anahitaji njia, lakini kamusi aghalabu humpa asili.

Hili ndilo kosa la kwanza la insha yetu, na linaonekana waziwazi pale inapotoa ushahidi wa kutangulia kwa Waajemi. Ushahidi huo ni maneno mawili makuu, bandari na nahodha. Ni kweli kwamba yote mawili yalizaliwa katika Kiajemi. Lakini bandari limo pia katika Kiarabu na katika lugha za Bara Hindi, na sauti zake katika lugha zote hizo zinakaribiana mno. Tukiliweka neno letu kando ya yale mengine, hakuna konsonanti wala irabu hata moja inayotuambia nani aliyelikabidhi. Kwa swali la njia, neno hili ni shahidi aliyenyamaza, na shahidi aliyenyamaza asihesabiwe upande wowote.

Nahodha ni shahidi mwingine. Katika Kiajemi cha leo na katika lugha za Bara Hindi neno hili hutamkwa kwa d. Waarabu wa Ghuba hulitamka kwa dh, na Waswahili vilevile. Kwa hiyo njia iliyo karibu zaidi na umbo letu ni ya mabaharia wenye kusema Kiarabu, ingawa mzizi ni wa Kiajemi. Hapa pana tahadhari ambayo mwandishi mwangalifu hana budi kuitaja: katika karne za mwanzo za Uislamu Waajemi nao walitamka dh mahali pengi ambapo sasa wanatamka d, na huko ndiko Waarabu walikoipata dh yao. Kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba neno lilifika kwetu moja kwa moja kutoka kwa Mwajemi wa zama hizo. Dai hilo haliwezi kukanushwa kwa neno hili peke yake, lakini haliwezi pia kuthibitishwa kwa neno hili peke yake. Insha inayoandika kwamba nahodha lathibitisha kuja kwa Waajemi imesema zaidi ya lile ambalo neno linaweza kubeba. Iliyo salama ni kusema kwamba ubaharia wa Bahari ya Hindi ulikuwa na msamiati wa pamoja, wenye mizizi mingi ya Kiajemi, na kwamba sisi tuliupokea, kwa sehemu kubwa kutoka kwa watu wenye matamshi ya Kiarabu.

Kosa la pili linahusu wakati. Insha inachukulia kwamba neno likishajulikana kuwa la kigeni, basi umri wake ni umri wa kufika kwa wageni hao mara ya kwanza. Tazama jinsi ilivyolishughulikia neno pesa. Mwandishi anasema linatokana na neno la Kireno peso, kwa hiyo fedha za sarafu ziliingia sokoni mwetu katika zama za Wareno, yaani baada ya mwaka 1498. Maelezo hayo hupendwa na wengi kwa sababu maneno hayo mawili yanafanana. Lakini kufanana si hoja mpaka kupimwe kwa maneno mengine ambayo hatuna shaka yalitoka katika lugha hiyo hiyo.

Maneno ya kupimia tunayo. Meza ni la Kireno, na Mreno huliandika kwa s lakini hulitamka kwa z, maana s iliyo kati ya irabu mbili katika lugha yake hugeuka kuwa z. Waswahili wakachukua z waliyoisikia. Leso ni la Kireno pia, na asili yake inaishia na o. Waswahili wakaiacha o mahali pake. Basi laiti Mreno angetupa peso, tungelisikia kwa z na tungelibakiza o, tukapata pezo. Tulicho nacho ni pesa. Konsonanti inakataa, na irabu ya mwisho inakataa. Kwa upande mwingine, Wahindi wanalo neno paisa, jina la sarafu yao ndogo, na kutoka hapo hadi pesa pana hatua moja tu fupi, ya ai kuwa e.

Ushahidi wa lugha ukisimama hivyo, ni vema kuutafutia mwenzi nje ya lugha. Mwenzi huyo yupo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu mwaka 1890, na sarafu yake ndogo ya shaba iliitwa pesa. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Hesabu ya 64 haikubuniwa na Wajerumani, kwani ndiyo hesabu ya India, ambako rupia ilikuwa na ana 16 na kila ana ilikuwa na paisa 4. Neno na hesabu yake vilisafiri pamoja. Kwa hiyo pesa halituonyeshi Wareno wa karne ya 16, bali linatuonyesha mfumo wa fedha wa India ulioenea pwani na Zanzibar katika karne ya 19.

Wajerumani wenyewe walituachia neno ambalo ni bora zaidi kwa kufundishia, nalo ni hela. Mwaka 1904 serikali yao iliacha hesabu ya 64, ikaigawa rupia katika sehemu 100, na kila sehemu ikaitwa kwa jina hilo la Kijerumani. Hapa tunaujua mwaka ambao neno lilianza kuzunguka mikononi mwa watu. Tunaijua pia mipaka yake: hela ni neno la kila siku kwa watu wa Tanzania, ambako Wajerumani walitawala, na si la kila siku kwa watu wa Kenya, ambako hawakutawala. Hivyo ndivyo mkopo wenye tarehe unavyopaswa kuonekana: mwanzo wake na eneo lake vinaafikiana na jambo tunalolijua kutoka kwingine. Sarafu yenyewe ilikoma kutumika baada ya Wajerumani kuondoka, lakini neno likabaki likiwa na maana pana zaidi, ya fedha zozote. Hatuna budi pia kuangalia kwamba hela haikuletwa na biashara, bali iliingia kwa amri ya serikali. Mwanafunzi anayehesabu maneno ataliweka katika safu ya biashara ya Wajerumani, kumbe mahali pake ni katika safu ya utawala.

Walimu wengine hudhani kwamba umri wa mkopo unaweza kupimwa kwa jinsi ulivyoingia katika sarufi. Husema kwamba neno likishapokea viambishi vya ngeli, kama kitabu na vitabu, basi ni la siku nyingi. Insha yetu nayo imetumia kipimo hiki. Kwa bahati mbaya, barabara za jiji hili zinakitangua. Mahali pa mzunguko pa njia kuu paliwekwa alama ya Kiingereza iliyowaamuru madereva washike kushoto. Kutoka katika amri hiyo watu wakapata kipilefti, na hawakukawia kupata wingi wake, vipilefti. Neno lililokuja na magari ya moto lilipata ngeli mara tu lilipofika, kwa sababu silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi chetu. Kuingia ngelini, basi, kunaonyesha bahati ya umbo la neno, wala hakuonyeshi umri wake.

Juu ya hayo, sisi wa ofisi za istilahi hatuna budi kukiri sehemu yetu katika kuwachanganya wanahistoria. Neno istilahi lenyewe ni la Kiarabu, lakini halikuletwa na jahazi. Limeenea kwa kalamu za wanataaluma na kamati katika karne ya 20. Ndivyo ilivyo pia kwa isimu katika maana yake ya taaluma ya lugha. Maneno ya namna hii ni mengi katika elimu, sheria na utawala, na kila moja katika kamusi limebeba alama ile ile ya Kiarabu ambayo imebebwa na maneno ya mabaharia. Anayehesabu alama hizo bila ya kutenganisha lililokuja kwa mdomo na lililotungwa mezani atazigeuza kazi za kamati kuwa ushahidi wa biashara ya kale. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985 kuhusu historia ya Waswahili, walieleza kwamba lugha ya Kiswahili ilikwisha kuwapo, ikiwa lugha ya Kibantu, kabla ya sehemu kubwa ya maneno ya Kiarabu kuingia, na kwamba mengi ya maneno hayo ni ya karne za karibuni. Ni jambo la kusikitisha kwamba insha nyingi za shule bado zinaandikwa kana kwamba wingi huo ulikuja kwa mara moja, zamani.

Kosa la tatu ni la kinyume chake. Insha inasema kwamba Wachina hawakuwa na sehemu katika biashara ya pwani, kwa sababu wanafunzi hawakupata neno hata moja la Kichina sokoni isipokuwa chai, nalo limekuja kwa njia ya Uajemi na India. Kuhusu chai mwandishi amesema kweli. Lakini angewapandisha wanafunzi wake basi la kwenda Kunduchi, kaskazini ya mji huu, angewaonyesha makaburi ya nguzo ambayo wenyeji walikuwa wakiyapamba kwa sahani na bakuli za kaure ya Kichina. Vigae vya vyombo kama hivyo vimefukuliwa pia Kilwa na mahali pengine pengi pwani. Vitu vipo na maneno hayapo.

Jibu la fumbo hili limo katika neno sahani. Ni la Kiarabu. Chombo kilitengenezwa na Mchina, lakini aliyekishusha pwani na kukitaja bei alikuwa mtu mwingine, na jina tulilolishika ni lile alilolitaja yeye. Neno humkumbuka aliyekabidhi, si aliyetengeneza. Kwa hiyo kukosekana kwa maneno ya lugha fulani hakuthibitishi kwamba bidhaa za watu wake hazikufika. Kunaweza kuthibitisha tu kwamba wao wenyewe hawakukaa sokoni wakazungumza nasi.

Hata pale walipokaa, si lazima wawe wameacha maneno. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 kinaitaja Rapta, mji wa biashara ambao kwa maoni ya wengi ulikuwa katika pwani ya Tanzania. Kinasema kwamba wafanyabiashara wa Muza, katika Uarabuni ya Kusini, walikuwa wakiwatuma huko manahodha na mawakala Waarabu waliowazoea wenyeji, waliooa kwao, na waliojua lugha yao. Msomaji na aliangalie jambo hili la mwisho. Mgeni ndiye aliyejifunza lugha ya mwenyeji. Biashara ya namna hiyo inaweza kudumu vizazi na vizazi, na isimwachie mwenyeji maneno mengi, kwa kuwa mazungumzo yote yanafanyika kwa lugha yake. Anayepima ukubwa wa biashara kwa hesabu ya maneno hana nafasi ya kuliona jambo hili.

Tumefika kwenye kosa la nne, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa. Insha imeyatafuta maneno yenye alama ya kigeni katika kamusi, na kamusi iliyotumiwa ni ile iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, ambayo huyatia nyota maneno yasiyo ya Kibantu na kuonyesha lugha yalikotoka. Kwa kazi ya kamusi, utaratibu huo unafaa. Kwa kazi ya historia, una mtego. Neno la Kibantu halina nyota. Na lisilo na nyota, wanafunzi hawakuliandika. Kwa hiyo kabla hata hajaanza kuhesabu, mwandishi alikwisha kuwaondoa Waafrika wote katika mizani. Baadaye akastaajabu kwamba hakuwaona.

Hebu tuyarudishe maneno mawili yaliyoachwa. La kwanza ni kuuza, kitenzi ambacho bila ya hicho hapana soko. Katika lugha nyingi za Kibantu kununua ni kugula: ndivyo wasemavyo Wasukuma na Waganda, na Wakikuyu husema kugura, kwa r. Kiswahili kina desturi ya kuidondosha g ya kale iliyoanza mzizi. Waganda husema kugenda, sisi twasema kwenda. Basi gula katika Kiswahili ingekuwa ula. Tena, kitenzi chenye l kikitiwa maana ya kusababisha, l yake hugeuka kuwa z: lala huwa laza. Ula kwa utaratibu huo huo huwa uza. Kuuza, basi, maana yake ya asili ni kumfanya mtu anunue. Mabadiliko yote mawili ni ya kawaida ya lugha yetu, na mzizi tunashirikiana na watu wa mbali waishio Ziwa Viktoria na mlima Kenya. Kitenzi hiki hatukukikopa kwa msafiri yeyote wa bahari. Tulikuwa nacho tangu awali, kama tulivyokuwa na wenzetu waliobaki bara.

Neno la pili ni gulio. Soko ni neno la Kiarabu, na wanafunzi waliliandika la kwanza katika orodha yao. Gulio hawakuliandika. Gulio ni soko la siku maalumu, ambalo watu hukusanyika kwa mnada wa siku moja kisha wakatawanyika, tofauti na soko la kudumu kama lile la Kariakoo, ambalo jengo lake, lililobuniwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Umbo la neno ni wazi. Kama kimbilia kunavyozaa kimbilio, mahali pa kukimbilia, ndivyo gulia kunavyozaa gulio, mahali pa kununulia.

Lakini angalia herufi ya kwanza. Tumesema kwamba Kiswahili kiliidondosha g katika mzizi huu. Kama gulio lingezaliwa ndani ya Kiswahili tangu kale, lingekuwa ulio. G iliyobaki inatuambia kwamba neno hili halikupita katika badiliko lile. Lilikuja baadaye, kutoka katika lugha ya Kibantu iliyoihifadhi g. Kwa lugha nyingine, gulio ni neno la mkopo sawasawa na soko. Tofauti ni kwamba soko lilikuja kutoka baharini na gulio lilikuja kutoka bara. Nalo si neno la kamati, kama yale ya bara ambayo yameingizwa kwa kalamu katika karne ya 20, mathalani ngeli, lililotoka katika Kihaya. Gulio lilikuwamo katika kamusi za Kiswahili zamani kabla ya Baraza kuundwa mwaka 1967.

Neno hili moja linaeleza mengi. Linaeleza kwamba watu wa pwani walikutana na watu wa bara katika biashara ya kupangiana siku, na kwamba katika mikutano hiyo jina la mahali pa kukutania lilitolewa na mtu wa bara. Kwa kipimo kile kile ambacho insha inakitumia kwa Waarabu, yaani kwamba mwenye kutoa jina la soko ndiye mwenye soko, sehemu ya biashara ya pwani ilikuwa ya wenyeji wa nyuma ya pwani. Mwandishi hana haki ya kukitumia kipimo hicho kwa neno moja na kukikataa kwa jingine. Wala sisi hatutaki kuvuka mpaka: gulio halituambii ni lugha gani hasa ya bara iliyolitoa, wala halituambii karne. Linatuambia tu kwamba ni baada ya kukoma kwa badiliko la g, na kwamba njia yake ilikuwa ya nchi kavu. Hata hicho kidogo kinatosha kuuangusha usemi kwamba biashara yote ililetwa kwa jahazi.

Kwa mintarafu ya hayo, tumemrudishia mwalimu insha yake tukiwa na mapendekezo manne. Kwanza, jedwali la hesabu ya maneno liondolewe, kwa sababu hesabu hiyo inachanganya mikopo ya mabaharia, ya watawala na ya kamati. Pili, mahali pa jedwali yawekwe maneno machache, hata sita yanatosha, kila moja likiulizwa maswali matatu kwa mpangilio: lilizaliwa wapi, lilikabidhiwa na nani, na lilifika lini. Swali lisilo na jibu liachwe wazi, lisijazwe kwa kukisia. Tatu, kila jibu lipimwe kwa maneno mengine ya lugha hiyo hiyo, kama tulivyoipima pesa kwa meza na leso, kisha litafutiwe ushahidi wa nje ya lugha, kama sarafu, vyombo au maandishi. Nne, wanafunzi warudi Kariakoo na kuyasikiliza maneno yasiyo na nyota, wawaulize wauzaji waliotoka mikoani wanasemaje kwao kununua, kuuza, kupunguza bei na kukopa, kisha waangalie ni wapi sauti zinaafikiana na zetu kwa utaratibu na ni wapi, kama katika gulio, haziafikiani.

Wafasiri na watumishi wa serikali wasomao jarida hili wanaweza kuuliza jambo hili linawahusu vipi. Linawahusu kila wanapochagua kati ya maneno mawili ya kutafsiria dhana moja. Mara nyingi tumesikia katika vikao hoja kwamba neno fulani lichaguliwe kwa kuwa ni la asili, au likataliwe kwa kuwa ni la kigeni, na mtoa hoja akawa hana ushahidi ila alama ya kamusi. Kama alama hiyo haitoshi kuandikia insha ya shule, haitoshi pia kukatia shauri la neno la taifa.

Mwalimu ameipokea insha yake na ameahidi kuiandika upya. Ametuomba aruhusiwe kukibakiza kichwa chake cha zamani, chenye kutaja soko la Kariakoo. Tumemruhusu, ila tumemshauri aongeze neno moja tu kando ya soko, nalo ni gulio.